Daftari, kadi au kompyuta: kulinganisha njia tatu za kutunza rejista ya maazimio

Mwaka 2022, katika kikao cha ushirika wa wenye mashua za kuvusha abiria baina ya Amu na Mokowe, mwanachama mmoja alikataa kulipa mchango wa miezi miwili. Hoja yake ilikuwa kwamba mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikikalafatiwa, na kwamba kamati iliwahi kuazimia mashua iliyo katika hali hiyo isitozwe. Mweka hazina alishikilia kwamba azimio hilo lilikwisha kutenguliwa, na wazee wawili waliokuwapo wakakumbuka mambo mawili tofauti. Mimi nilikuwa katibu, nami nilitumia jioni nne kupekua vitabu saba vya kumbukumbu kabla ya kuweza kujibu.

Jibu lilikuwa limetawanyika katika maazimio manne. Mwaka 1999 iliazimiwa kwamba kila mwenye mashua alipe shilingi 200 kwa mwezi. Mwaka 2006 mchango ulipandishwa hadi shilingi 300 kwa kila mashua. Mwaka 2011 iliazimiwa kwamba mashua iliyopandishwa nchi kavu kwa matengenezo kwa zaidi ya mwezi mmoja isitozwe. Mwaka 2016 azimio la 2006 lilitenguliwa, na mchango ukawa shilingi 500 kwa kila mwanachama. Azimio la 2011, ambalo ndilo lililogombaniwa, liliandikwa katika kumbukumbu chini ya kichwa cha matengenezo wala si cha michango, na ndiyo sababu kila aliyelitafuta awali alilikosa.

Ushirika huu hukutana mara 11 kwa mwaka, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hatuna kikao, na kila kikao huzaa maazimio matano hivi. Kwa miaka 24 hayo ni maazimio 1,320 kwa makadirio. Hakuna kichwa cha katibu kinachoweza kuyabeba yote, na hapo ndipo inapohitajika rejista ya maazimio, yaani orodha inayotoa maamuzi peke yake ndani ya kumbukumbu, ikayapa nambari, ikayapanga kwa mada, na ikaonyesha ni lipi lililobadilisha lipi. Kumbukumbu zilizothibitishwa na kutiwa saini hubaki kuwa ndizo ushahidi, na rejista kazi yake ni kukufikisha kwenye ukurasa unaohusika.

Katibu wa kamati ya msikiti, madrasa, ushirika au kisima anapotaka kuanza rejista ya namna hii, kwa kawaida husita kati ya njia tatu: daftari lililofungwa, kadi za mada, na jedwali la kompyuta.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote tatu kwa maswali manne. La kwanza ni kutafuta: je, mtu anayeuliza kuhusu jambo moja atapata maazimio yote yanayoligusa, yakiwamo yale yaliyoandikwa chini ya jambo jingine? La pili ni kufuata mabadiliko: je, anayesoma azimio la 2006 ataona palepale kwamba lilitenguliwa mwaka 2016? La tatu ni uaminifu: je, mtu anaweza kubadilisha neno au tarakimu bila kuacha alama? La nne ni kudumu, nami hapa nahesabu mawili pamoja, hali ya hewa yetu ya unyevu na chumvi, na kazi itakayomwangukia katibu wa sasa na atakayemrithi.

Yanayotakiwa katika kila njia

Kabla ya kuchagua chombo kuna mambo ambayo hayakwepeki, na kwa maoni yangu rejista nyingi huharibika hapa, wala si katika uchaguzi wa karatasi au mashine.

Nambari ya azimio ionyeshe mwaka, mkutano na nafasi ya azimio katika mkutano huo. Azimio la tano la mkutano wa tatu wa mwaka 2011 litakuwa A2011/03/05. Wengine hupenda nambari mfululizo, 1, 2, 3 na kuendelea, lakini nambari hizo hukulazimisha kuanza na kitabu kikongwe kuliko vyote, ilhali maswali mengi huhusu miaka ya karibuni. Ukitumia mwaka na mkutano unaweza kuanza na mwaka uliopita na kurudi nyuma polepole, wala hakuna nambari itakayogongana na nyingine.

Vichwa vya mada viamuliwe mapema na kuandikwa katika orodha moja. Kiswahili kina mtego wake, kwa kuwa neno hubadilika mwanzoni linapoingia wingi. Katibu mmoja ataandika «kisima» chini ya K, na mwenzake ataandika «visima» chini ya V, na maazimio ya jambo lile lile yatakaa mbalimbali kwa miaka kumi bila mtu kutambua. Amueni kwamba vichwa vyote ni nomino za umoja. Kitenzi kisiwe kichwa, maana «kununua», «kukodi» na «kukarabati» vyote vitajazana chini ya K. Kwa maneno yanayokaribiana kama ada, mchango na ushuru, chagueni moja, na katika mengine muandike «tazama MCHANGO». Azimio linalogusa mambo mawili liingizwe chini ya vichwa viwili. Azimio letu la 2011 lingeingizwa chini ya MATENGENEZO na chini ya MCHANGO pia, jioni zangu nne zingekuwa dakika tano.

Tarehe nazo zina jambo lake hapa kwetu. Vitabu vya kamati za misikiti na vya wakfu mara nyingi vina tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku 11 hivi. Mwaka 1420 Hijria ulianza Aprili 1999 na ukaishia mwaka 2000, kwa hiyo kuandika tu kwamba azimio ni la 1420 hakukuambii ni la mwaka upi wa miladia. Nakilini tarehe kama ilivyo kitabuni, kisha muweke ya miladia pembeni yake, na nambari ya azimio ifuate miladia.

Mwisho, azimio linakiliwe neno kwa neno kama lilivyo katika kumbukumbu, wala lisifupishwe. Tofauti ya «kila mashua» na «kila mwanachama» ndiyo iliyozaa ugomvi wetu wote, na muhtasari wa «mchango wapanda» ungeificha.

Daftari lililofungwa

Hili ni daftari kubwa lenye jalada gumu na kurasa zilizotiwa nambari. Maazimio huandikwa kwa mfuatano wa tarehe katika safu za nambari, tarehe, maneno ya azimio, kichwa cha mada, na safu pana ya mwisho inayoachwa wazi kwa ajili ya mabadiliko. Nyuma kuna faharasa ya herufi.

*Kutafuta.* Daftari ni jepesi kwa anayejua mwaka na zito kwa anayejua jambo tu, kwa kuwa nguvu yake yote imo katika faharasa ya nyuma. Madaftari yenye herufi pembeni yanayouzwa madukani hugawa kurasa sawasawa kutoka A hadi Z, na mgao huo haulingani na Kiswahili. Kurasa za Q na X hubaki nyeupe milele, huku M ikifurika mapema, kwani mchango, mkopo, mashua, matengenezo, mwanachama, mkutano na mshahara vyote vyaanzia hapo. Anayejitengenezea faharasa aipe M kurasa mara nne ya herufi nyingine, na K mara mbili.

*Kufuata mabadiliko.* Safu ya mwisho hufanya kazi nzuri ikitunzwa. Mbele ya azimio la 2006 huandikwa «limetenguliwa na A2016/07/03», na mbele ya la 2016 huandikwa «linatengua A2006/09/01». Alama lazima iwe pande zote mbili. Kosa la kawaida ni katibu kuandika upande mpya tu kwa sababu hataki kufungua kurasa za nyuma, na anayesoma azimio la zamani hudanganyika kwamba bado linatumika.

*Uaminifu.* Hapa daftari halina mshindani. Ukurasa ukichanwa, nambari yake itakosekana, na neno likifutwa, karatasi itasema. Kwa sababu hiyo hiyo msiingize azimio kabla kumbukumbu hazijathibitishwa katika kikao kinachofuata, maana wajumbe wakisahihisha kumbukumbu mtalazimika kukata mistari katika daftari, na daftari lenye mistari mingi iliyokatwa hupoteza heshima yake.

*Kudumu na kazi.* Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na chumvi, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta, wala daftari lisikae rafu ya chini kabisa, ambako mchwa hutangulia. Anayefungua kurasa kila mwezi huona dalili za kuvu na za wadudu mapema, na anayelifungia daftari miaka mitatu hukuta uharibifu umekwisha kufanyika. Udhaifu mkubwa wa daftari ni katika kurudi nyuma: huwezi kuingiza mwaka 1999 baada ya kuandika 2022 bila kuvunja mfuatano, isipokuwa utenge kurasa za kila mwaka kwa kukisia, na makisio hayo hukosewa.

Kadi za mada

Kadi huwekwa katika sanduku la mbao au la bati, kila kichwa cha mada na kadi yake. Juu huandikwa kichwa, na chini yake mstari mmoja kwa kila azimio: nambari, maneno machache, na kitabu na ukurasa wa kumbukumbu. Maneno kamili hayaenei, kwa hiyo kadi ni faharasa zaidi kuliko rejista kamili, na hilo lifahamike tangu mwanzo.

*Kutafuta.* Kwa anayeuliza kwa mada, kadi ni njia ya haraka isiyohitaji mafunzo. Unavuta MCHANGO, na miaka 24 imo mkononi mwako kwenye kadi moja au mbili. Kichwa kipya huingia mahali pake bila kuvuruga vingine, jambo ambalo daftari haliwezi. Anayetaka kujua mkutano fulani uliamua nini, kadi hazimsaidii chochote.

*Kufuata mabadiliko.* Kwa kuwa azimio moja huweza kuwamo katika kadi mbili au tatu, kulitengua kunadai kuzirekebisha zote, na aghalabu moja husahaulika. Tiba yake ni kuandika, mbele ya kila mstari, majina ya kadi nyingine lilikoandikwa azimio hilo. Ni kazi ya ziada, na mimi nimeona makatibu wakiiacha baada ya mwaka wa pili.

*Uaminifu.* Kadi ikichomolewa haiachi pengo linaloonekana. Ndiyo maana inafaa kuwa na orodha ya vichwa vyote katika karatasi nyingine, na mara moja kwa mwaka kuhesabu kadi dhidi yake. Kadi isitegemewe peke yake katika mzozo wowote, na itumike kukupeleka kitabuni tu.

*Kudumu na kazi.* Kadi nene hustahimili unyevu kuliko karatasi ya daftari, ila sanduku likianguka bila ufito wa kuzishikilia, nusu ya siku huenda katika kuzipanga upya. Kurudi nyuma ni rahisi: watu wawili wanaweza kugawana vitabu, mmoja 1999 hadi 2010 na mwingine 2011 kuendelea, kisha wakachanganya kadi zao, mradi tu walikubaliana vichwa kabla ya kuanza.

Jedwali la kompyuta

Jedwali katika Excel, au programu nyingine ya namna hiyo, huwa na safu zile zile za daftari, ila maneno kamili ya azimio huingia bila kubanwa na nafasi, na vichwa viwili au vitatu hupewa safu zake.

*Kutafuta.* Hakuna njia inayolikaribia jedwali. Hata azimio lililokosewa kichwa hupatikana kwa kutafuta neno lililomo ndani yake, na neno «nchi kavu» lingetupatia azimio letu la 2011 papo hapo. Hata hivyo msidanganyike kwamba vichwa havihitajiki tena. Atafutaye «mchango» hatapata azimio lililoandikwa «kila mwenye chombo atoe shilingi 200», kwa kuwa neno lenyewe halimo.

*Kufuata mabadiliko.* Safu mbili, ya «linatengua» na ya «limetenguliwa na», hutosha, na unaweza kuchuja ukaona yanayotumika peke yake. Pia unaweza kuliingiza azimio jioni ya mkutano ukiliandikia hali ya «halijathibitishwa», kisha ukaibadilisha kikao kinachofuata.

*Uaminifu.* Hapa pana hatari mbili nilizozishuhudia kwa macho yangu, na zote huja kimya kimya. Ya kwanza ni nambari. Ukiandika 2011/3/5 bila herufi mbele, programu hudhani ni tarehe na kuigeuza kuwa tarehe 5 Machi 2011. Herufi A huzuia hilo, na sifuri katika 03 na 05 huzuia mkutano wa 10 kupangwa kabla ya mkutano wa 3.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Mtu huchagua safu moja, tuseme ya nambari, akaamuru ipangwe upya, na programu inapomuuliza hubonyeza `Continue with the current selection` badala ya `Expand the selection`. Safu hiyo hupangika peke yake na nyingine hubaki zilipo, na tangu hapo kila nambari imeshikana na maneno ya azimio jingine. Jedwali bado linaonekana safi. Namna ya kugundua ni kulinganisha mwaka ulio ndani ya nambari, katika safu A, na mwaka wa tarehe ya miladia, katika safu B:

```
=MID(A2,2,4)=TEXT(B2,"yyyy")
```

Kila mstari utakaotoa `FALSE` umekosewa nambari au tarehe, na ikiwa ni mingi kwa mpigo, jedwali limepangwa vibaya. Nambari zilizorudiwa hugunduliwa hivi, ambapo `TRUE` ndiyo dalili ya kosa:

```
=COUNTIF(A:A,A2)>1
```

Hesabu hizi hazitagundua kubadilishwa kwa makusudi kwa shilingi 300 kuwa 500. Kwa hilo hakuna dawa isipokuwa kuchapa maazimio ya mwaka kila mwisho wa mwaka, mwenyekiti na katibu wakatia saini kila ukurasa, na karatasi hizo zikafungwa pamoja na kitabu cha kumbukumbu.

*Kudumu na kazi.* Hewa ya chumvi hula mashine, na umeme hukatika, lakini hilo silo linalopoteza rejista za kompyuta. Hupotea kwa sababu zilikuwa katika mashine ya katibu binafsi, naye akahama au akagombana na kamati. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti na nyingine kwa mweka hazina, zikibadilishwa baada ya kila kikao. Kurudi nyuma huenda vizuri kwa hatua mbili: kwanza kupitia vitabu kwa penseli na kuandika nambari pembezoni mwa kila azimio, kisha kunakili. Kwa kasi yangu ya maazimio 40 kwa kikao kimoja cha kazi, maazimio yetu 1,320 yalidai vikao 33.

Nani achague ipi

Kamati inayokutana mara nne kwa mwaka, yenye maazimio 15 au 20 kwa mwaka na isiyo na mtu aliyezoea kompyuta, itatoshelezwa na daftari kwa miongo miwili bila shida, mradi faharasa yake igawiwe kwa kufuata herufi za Kiswahili. Daftari linafaa pia pale ambapo wanachama hawaaminiani, hata kama maazimio ni mengi. Wakfu wenye warithi wanaoshindana kuhusu kodi ya duka wanahitaji kitabu ambacho hakuna mtu atakayesema kiligeuzwa usiku.

Kamati yenye vitabu vingi vya zamani na wasaidizi wawili au watatu wa kujitolea, lakini mashine hakuna au haitegemeki, ianze na kadi. Vitabu vikiwa vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama vilivyo baadhi ya vile vya zamani hapa Amu, kadi humwezesha mzee anayezisoma kufanya kazi kwa mkono wake bila kumngoja kijana wa kupiga chapa. Kadi hizo baadaye hugeuka kuwa mistari ya jedwali bila kazi kupotea.

Kamati inayozalisha zaidi ya maazimio 50 kwa mwaka, inayobadilisha kanuni zake mara kwa mara, na yenye angalau watu wawili wanaojua jedwali, itumie kompyuta pamoja na nakala ya karatasi yenye saini. Ikiwa anayejua ni mmoja tu, bora ingoje mpaka apatikane wa pili.

Asiye na nguvu ya kurudi nyuma kabisa aanze na mkutano ujao kwa njia yoyote kati ya hizi, kisha kila linapozuka swali la zamani ayaingize maazimio yote ya jambo hilo kwa mara moja. Sisi tulianza hivyo hivyo, kwa maazimio manne ya mchango. Yalipowekwa pamoja mbele ya kamati, ilionekana kwamba lile la 2011 halikutenguliwa kamwe, kwani la 2016 lilitengua la 2006 peke yake. Ila pia ilionekana kwamba msamaha wa mashua hauna pa kushika mchango unapotozwa kwa mwanachama. Rejista haikuweza kuamua kati ya hayo mawili. Kamati iliazimia kwamba mwanachama ambaye mashua yake pekee imepandishwa kwa zaidi ya mwezi mmoja asitozwe kwa muda huo, azimio likaingizwa chini ya MCHANGO na MATENGENEZO, na mbele ya lile la 2011 pakaandikwa «limerekebishwa».